Kabla ya Kusaini Orodha: Jinsi Masomo ya Mtahiniwa wa Kidato cha Nne Yanavyosajiliwa na Kuhakikiwa Mkoani Katavi

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne anaweza kusoma Kemia kwa miaka minne, akafanya mazoezi yote ya maabara, kisha siku ya mtihani akakuta jina lake halipo kwenye orodha ya watahiniwa wa somo hilo. Mara nyingi chanzo cha tatizo hilo ni alama moja iliyowekwa mahali pasipostahili wakati wa usajili, miezi mingi kabla ya Novemba, katika orodha ambayo yeye mwenyewe aliisaini.

Makala hii inaeleza hatua ambazo orodha ya watahiniwa wa shule hupitia hadi kuwasilishwa Baraza la Mitihani la Tanzania, maarufu kama NECTA, makosa yanayosababisha somo kukosekana kwenye karatasi ya usajili ambayo wengi huiita slipu, na namna ya kuyabaini mapema. Mfano unaotumika ni wa Mtihani wa Kidato cha Nne kwa watahiniwa wa shule. Utaratibu huo unazihusu shule zote za sekondari katika halmashauri tano za Mkoa wa Katavi, ambazo ni Manispaa ya Mpanda na Halmashauri za Wilaya za Nsimbo, Tanganyika, Mlele na Mpimbwe.

Taarifa zinakotoka na zinakokwenda

Usajili hufanyika katika miezi ya mwanzo ya mwaka wa mtihani, ndani ya muda unaotangazwa na Baraza. Mwenye dhamana ya usajili shuleni ni Mkuu wa Shule. Kazi ya kila siku ya kukusanya na kuingiza taarifa kwa kawaida hufanywa na mwalimu wa taaluma au mwalimu mwingine aliyeteuliwa, lakini anayethibitisha kwamba orodha ni sahihi ni Mkuu wa Shule.

Taarifa za mtahiniwa ziko za aina mbili. Aina ya kwanza inamtambulisha: majina yake, jinsi yake na kumbukumbu zake za nyuma, hasa Upimaji wa Kitaifa wa Kidato cha Pili ambao alipaswa kuufaulu ili aendelee na Kidato cha Tatu. Taarifa hizi zina historia katika mifumo ya Baraza, hivyo zikikosewa kuna kumbukumbu ya kulinganishia.

Aina ya pili ni masomo atakayofanyia mtihani, na hapa ndipo ugumu ulipo. Mfumo unaweza kutambua kwamba mwanafunzi fulani alifaulu Kidato cha Pili, lakini hauwezi kujua kama mwanafunzi huyo amekuwa akiingia darasa la Kemia au la Biashara tangu Kidato cha Tatu. Jambo hilo linajulikana shuleni pekee. Kwa hiyo kosa la somo likipita shuleni, hakuna ofisi ya juu iliyo na kumbukumbu ya kulisahihishia. Ofisi ya Elimu Sekondari ya Halmashauri inaweza kuona kwamba idadi ya watahiniwa wa shule fulani haifanani na iliyotarajiwa, lakini haina namna ya kujua kwamba msichana aliye katika nafasi ya kumi na saba alistahili kuwa na Kemia.

Kila somo huingizwa kwa namba yake ya utambulisho yenye tarakimu tatu. Kwa watahiniwa wanaotumia mtaala uliotangulia toleo la mwaka 2023, masomo saba ni ya lazima: Uraia 011, Historia 012, Jiografia 013, Kiswahili 021, Kiingereza 022, Baiolojia 033 na Hisabati 041. Juu ya hayo huongezwa masomo ya kuchagua. Wa mkondo wa sayansi huongeza Fizikia 031 na Kemia 032. Wa mkondo wa biashara huongeza Biashara 061 na Utunzaji wa Hesabu 062. Yapo pia mengine, yakiwemo Maarifa ya Biblia 014, Elimu ya Dini ya Kiislamu 015 na Fasihi ya Kiingereza 024.

Baada ya usajili kufungwa, orodha hiyo ndiyo msingi wa maandalizi yanayofuata. Idadi ya karatasi za maswali zinazofungwa kwa ajili ya kituo hupangwa kwa kufuata idadi ya waliosajiliwa katika kila somo. Orodha za mahudhurio zinazotumika katika chumba cha mtihani hutokana na usajili huohuo, na maandalizi ya mitihani ya vitendo ya Fizikia, Kemia na Baiolojia hutegemea idadi hiyohiyo. Kwa sababu hiyo, msimamizi wa mtihani hana orodha nyingine ya kumwezesha kumthibitisha mtahiniwa ambaye jina lake halipo katika somo husika.

Mfano wa shule yenye watahiniwa 60

Ili kuona jinsi kosa linavyojificha, na tuchukue mfano wa shule ya kubuni yenye watahiniwa 60. Wote wanafanya masomo saba ya lazima. Kati yao, 24 wanaongeza Fizikia na Kemia, 16 wanaongeza Biashara na Utunzaji wa Hesabu, na 20 waliobaki hawaongezi somo lolote.

Kabla ya kufungua mfumo, mwalimu wa taaluma anaweza kukokotoa idadi ya alama zote anazotarajia kuziona katika orodha. Watahiniwa 60 mara masomo 7 ni alama 420. Wanasayansi 24 mara masomo 2 ni alama 48. Wanafunzi wa biashara 16 mara masomo 2 ni alama 32. Jumla ni alama 500.

Taarifa zinaingizwa, rasimu inachapishwa, na jumla inayopatikana ni 500 kamili. Mwalimu anapiga hesabu ya upande wa kila mtahiniwa: wanasayansi wana masomo tisa tisa, wanafunzi wa biashara tisa tisa, na waliobaki saba saba. Kila kitu kinaonekana sawa, na ni rahisi kuamini kwamba kazi imekwisha.

Lakini hesabu ya kwenda chini, somo kwa somo, inaonyesha jambo jingine. Fizikia ina watahiniwa 24, Kemia 23, Biashara 16 na Utunzaji wa Hesabu 17. Kemia imepungukiwa na mmoja na Utunzaji wa Hesabu umezidi mmoja. Kuna mwanasayansi aliyewekewa 062 mahali pa 032. Jumla kuu haikuweza kulionyesha kosa hilo kwa sababu alama moja iliyotoka upande mmoja iliingia upande mwingine. Idadi ya masomo ya mtahiniwa huyo nayo haikuweza kulionyesha, kwa sababu bado ana masomo tisa. Hesabu ya somo kwa somo ndiyo pekee iliyolifichua.

Kosa la namna hii huacha athari mbili. Mtahiniwa hatakuwa na mtihani wa Kemia alioujiandalia, na papo hapo atatarajiwa katika chumba cha Utunzaji wa Hesabu, somo ambalo hajawahi kulisoma, na kuhesabiwa hakuhudhuria.

Rasimu hiyohiyo inaweza kuwa na kosa la pili lililojificha zaidi. Katika nafasi ya 17 na ya 18 wamo wasichana wawili ambao jina la kwanza na la baba yanafanana, na wanatofautiana kwa jina la mwisho tu. Mmoja ni mwanasayansi, mwenzake ni wa biashara. Mwingizaji wa taarifa amempa kila mmoja masomo ya mwenzake. Safari hii jumla kuu ni 500, kila mmoja wao ana masomo tisa, na hesabu ya kila somo haibadiliki, kwa sababu aliyetoka Kemia amebadilishana nafasi na aliyeingia. Hakuna hesabu inayoweza kulifichua kosa hilo. Watu wanaoweza kuligundua ni wasichana hao wawili, kila mmoja akisoma mstari wake mwenyewe, na walimu wanaowafundisha.

Hiyo ndiyo sababu uhakiki hauwezi kuwa kazi ya mtu mmoja. Hesabu ya kwenda kando, yaani mtahiniwa kwa mtahiniwa, hufichua somo lililorukwa. Hesabu ya kwenda chini, yaani somo kwa somo, hufichua somo lililobadilishwa na jingine. Macho ya mtahiniwa mwenyewe hufichua watu waliobadilishana masomo. Kila njia inaona kosa ambalo nyingine hailioni, na shule inayoacha mojawapo inaliachia aina moja ya kosa mlango wazi.

Makosa yanayojirudia

Kosa la kwanza hutokana na mabadiliko ya mkondo ambayo hayakuandikwa. Mwanafunzi alianza Kidato cha Tatu upande wa biashara, baada ya wiki chache akahamia sayansi kwa ridhaa ya mwalimu wa darasa, na tangu hapo amekuwa akihudhuria masomo yake mapya. Orodha iliyohifadhiwa ofisini, hata hivyo, ni ile ya mwanzo wa mwaka. Mwaka wa mtihani unapofika, orodha hiyo ndiyo inayochukuliwa kuwa chanzo cha usajili. Dawa yake ni kuanza na daftari la mahudhurio au la alama la mwalimu wa somo, kwa kuwa mwalimu wa Kemia anawajua wanafunzi anaowafundisha sasa.

Kosa la pili ni la namba zinazokaribiana. Fizikia, Kemia na Baiolojia ni 031, 032 na 033. Biashara na Utunzaji wa Hesabu ni 061 na 062. Hisabati ni 041, na Hisabati ya Ziada ni 042. Anayeingiza taarifa za wanafunzi wengi kwa kunakili kutoka kwenye karatasi iliyoandikwa kwa mkono anaweza kuteleza safu moja bila kujua. Ishara ya kosa hili ni somo lisilofundishwa shuleni kuonekana na mtahiniwa mmoja au wawili. Shule isiyo na mwalimu wa Hisabati ya Ziada ikiona mtahiniwa mmoja chini ya 042, haina budi kuangalia kama mtahiniwa huyohuyo anayo 041.

Kosa la tatu linawahusu wanafunzi waliohamia. Mwanafunzi aliyewasili baada ya orodha kuandaliwa huongezwa mwishoni, mara nyingi kwa haraka, na kupewa masomo saba ya lazima pekee huku masomo yake ya kuchagua yakisubiri barua kutoka shule aliyotoka. Barua inapofika, hakuna anayekumbuka kurudi kwenye mstari wake. Upo pia uwezekano wa jina lake kubaki katika orodha ya shule ya awali kwa sababu uhamisho haukukamilishwa. Katika mkoa ambao familia za wakulima na wafugaji huhama kutoka kata moja kwenda nyingine, wanafunzi waliohamia wanastahili kuwa na orodha yao ndogo ya pembeni, inayopitiwa jina kwa jina kabla ya usajili kufungwa.

Kosa la nne linahusu masomo yenye wanafunzi wachache. Elimu ya Dini ya Kiislamu na Maarifa ya Biblia katika baadhi ya shule hufundishwa na walimu wanaotoka nje, ambao hawahudhurii vikao vya taaluma. Kama orodha ya wanafunzi wao haikuombwa, somo zima linaweza kukosekana kwa watahiniwa wote. Hapa hesabu ya somo kwa somo inasaidia tu ikiwa mwalimu ameandika mapema masomo yote yanayofundishwa shuleni, kwa sababu somo lisilokuwepo kwenye rasimu halina safu ya kuhesabiwa.

Kosa la tano ni la kusaini rasimu ya zamani. Rasimu ya kwanza huchapishwa, watahiniwa huonyesha makosa yao, mwalimu huyaandika pembeni kwa kalamu, kisha baadhi husahihishwa katika mfumo na baadhi husahauliwa. Karatasi yenye masahihisho ya kalamu huwekwa kwenye jalada ikiwa na saini zote, na kila mtu huamini kwamba kazi imefanyika. Masahihisho ya kalamu hayabadilishi chochote katika mfumo. Saini yenye maana ni ile iliyowekwa kwenye nakala iliyochapishwa upya baada ya masahihisho ya mwisho kuhifadhiwa.

Umbali huongeza uwezekano wa kosa hili la mwisho. Miezi ya mwanzo ya mwaka ni ya mvua mkoani Katavi. Pale ambapo mtandao wa shuleni hautoshi, mwalimu anayetoka maeneo ya mwambao wa Ziwa Tanganyika kama Karema au Ikola, au kutoka Mishamo, anaweza kulazimika kusafiri na karatasi zake hadi penye mtandao wa uhakika. Akishamaliza kuingiza taarifa, watahiniwa wanaotakiwa kuzisoma wako mbali naye. Katika hali hiyo safari moja haitoshi kukamilisha uhakiki, kwa kuwa rasimu lazima irudi shuleni isomwe, na masahihisho yarudi kwenye mfumo. Shule inayosubiri wiki ya mwisho huwa na muda wa safari moja tu.

Namna mtahiniwa anavyopaswa kusoma mstari wake

Mtahiniwa anapopewa rasimu au slipu, jambo la kwanza ambalo macho hulitafuta ni jina. Likiwa sahihi, wengi husaini. Usomaji ulio salama huanza upande wa pili. Mtahiniwa aandike kwanza kwenye karatasi tupu masomo yote anayosoma, bila kuiangalia rasimu, na ahesabu ni mangapi. Kisha ailinganishe karatasi hiyo na rasimu, somo kwa somo, akitazama namba pamoja na jina la somo. Mwisho athibitishe majina yake matatu na jinsi.

Mpangilio huu una sababu. Mtu anayesoma orodha iliyokwisha andikwa hukubali kwa urahisi kile anachokiona, na somo lisilokuwepo halimvutii macho. Anayeanza na orodha yake mwenyewe hulazimika kulitafuta kila somo, na lililokosekana hujitokeza.

Mzazi au mlezi anaweza kufanya hivyo pia. Ana haki ya kumuuliza mtoto wake anafanya masomo mangapi, na kuomba kwa Mkuu wa Shule kuona masomo aliyosajiliwa mtoto huyo.

Kosa likigundulika

Uzito wa kosa hutegemea siku lilipogunduliwa. Wakati usajili bado uko wazi, marekebisho ni kazi ya shule: taarifa inasahihishwa katika mfumo, rasimu mpya inachapishwa, na mtahiniwa anasaini upya. Mtahiniwa atoe taarifa siku hiyohiyo kwa mwalimu wa taaluma au Mkuu wa Shule, na asiondoke kwa kuahidiwa tu. Aombe kuuona mstari uliosahihishwa.

Usajili ukishafungwa, shule haina tena uwezo wa kubadili orodha kwa hiari yake, na uamuzi unabaki kwa Baraza. Mkuu wa Shule anapaswa kuwasilisha suala hilo kwa maandishi mapema kupitia Ofisi ya Elimu Sekondari ya Halmashauri, akiambatisha ushahidi kwamba mwanafunzi amekuwa akilisoma somo hilo, yakiwemo maendeleo yake ya darasani. Hakuna uhakika kwamba ombi litakubaliwa, lakini kadiri siku ya mtihani inavyokaribia ndivyo nafasi inavyopungua, kwa kuwa maandalizi ya karatasi za maswali yanakuwa yameendelea.

Somo likikosekana kabisa, hasara hupimwa kwa namna mbili. Daraja la ufaulu huhesabiwa kwa masomo saba ambayo mtahiniwa amefanya vizuri zaidi. Mwanasayansi mwenye masomo tisa akipoteza Kemia, bado ana masomo manane na daraja lake linaweza lisiathirike sana. Hata hivyo, amefungiwa njia ya kusoma tahasusi yoyote ya Kidato cha Tano yenye Kemia ndani yake, ikiwemo ya Fizikia, Kemia na Baiolojia. Mtahiniwa mwenye masomo saba pekee akipoteza moja, anabaki na sita, na hana la saba la kuingiza katika hesabu ya daraja.

Njia inayobaki ni kujisajili kama mtahiniwa wa kujitegemea katika mwaka unaofuata na kulifanya somo lililokosekana. Njia hiyo ni halali na iko wazi, lakini ina ada yake, na mtihani wenyewe hufanyika mwishoni mwa mwaka huo. Maana yake ni kwamba wenzake wa darasa moja watakuwa wamekwisha kuingia Kidato cha Tano wakati yeye anausubiri mtihani wa somo moja.

Mkuu wa Shule anayetaka kujiridhisha kabla ya kuthibitisha orodha anahitaji kuwa na karatasi tatu mezani: hesabu ya somo kwa somo iliyosainiwa na kila mwalimu wa somo, orodha ya pembeni ya wanafunzi waliohamia au kubadili mkondo, na rasimu ya mwisho yenye tarehe ya kuchapishwa iliyo baada ya masahihisho yote, ikiwa na saini ya kila mtahiniwa. Katika mfano wa shule yenye watahiniwa 60, karatasi hizo tatu zingembaini mwanasayansi aliyepoteza Kemia pamoja na wasichana wawili waliobadilishana masomo.